Amemaliza majaribio: barua ya kumthibitisha iseme nini, na nini kikae nje yake

"Assalamu alaikum. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake. Tarehe 1 Februari niliajiri mtunza ghala kwa mkataba wa mwaka mmoja. Miezi mitatu ya mwanzo ni majaribio kwa mshahara wa 400,000, akithibitishwa 460,000. Kijana ni mzuri, lakini nilighafilika na sasa tuko katikati ya Juni. Nataka kumpa barua, na humo humo nimwambie kuwa siku tatu kwa wiki atakuwa duka letu jipya la Wete, na ile 3,000 ya chakula ninayompa kila siku ya kazi iishe, maana mshahara umepanda. Mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, nilikuwa nasubiri athibitishwe ndiyo nimsajili. Rafiki yangu wa Dar kaniambia kabla ya miezi sita mfanyakazi hana haki yoyote, kwa hiyo akikataa namwacha tu. Niko sawa?"

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Barua ya kumthibitisha mwandikie, na ikiwezekana aipate wiki hii. Wete na chakula vitoe katika barua hiyo. Hayo ni mazungumzo mengine, na ukiyachanganya utaharibu yote mawili.

Nianze na rafiki yako wa Dar, kwa sababu ushauri wake ndio hatari zaidi katika uliyoyaandika. Anachokisema kina asili yake: sheria ya ajira ya Bara, ile Namba 6 ya 2004, ina kifungu cha 35 kinachosema kuwa masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Lakini sheria hiyo inaishia Bara. Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, tuna Kamishna wetu wa Kazi na Mahkama yetu ya Kazi. Mtu akikuletea fomu ya barua iliyoandikwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, au CMA, tume ya usuluhishi ya huko huko, jua imevuka bahari bila kubadilishwa. Na hata huko Bara kifungu hicho hakisemi kuwa mtu hana haki yoyote. Mshahara wake na notisi iliyomo kwenye mkataba vinabaki vyake. Hesabu za kumwacha kijana kwa kutegemea miezi sita zifute kabisa.

Tuje kwenye kuchelewa. Hapa watu hugawanyika. Wako wanaoamini kuwa siku ya tisini ikipita bila barua, mfanyakazi amejithibitisha mwenyewe. Wako wanaoamini kuwa bila barua atabaki majaribioni mpaka kiama. Kwa upande wa kwanza, Mahkama ya Rufani ya Tanzania imeshasema, katika shauri lililotoka Bara, kwamba kuthibitishwa hakuji kwa kupita muda peke yake. Kwa hiyo ukimya wako wa wiki sita haujamfanya kijana athibitike moja kwa moja. Ila usiufurahie sana ukweli huo, kwa sababu neno la kwanza ni la mkataba wenu. Ufungue uangalie kipengele cha majaribio. Kikisema "asipopewa taarifa ndani ya muda huo atahesabika amethibitishwa", basi tayari alishathibitika 1 Mei na barua yako ni ya kumbukumbu tu. Kikisema "atathibitishwa kwa maandishi", bado barua inahitajika.

Hata katika hali hiyo ya pili mimi nisingekushauri umrudishe nyuma kwa kumwongezea miezi ya majaribio. Muda wa majaribio huongezwa kabla haujaisha, kwa maandishi, kwa sababu inayotajwa: kwa mfano, mfanyakazi aliumwa mwezi mzima na hujapata nafasi ya kumpima. Wewe muda umeisha, kazi yake umeiridhia, na umemwacha na funguo za ghala. Ukija leo na nyongeza ya majaribio, afisa kazi yeyote atakuuliza kwa nini hukuiona haja hiyo mwezi wa Aprili, na jibu la "nilighafilika" halimlipishi mfanyakazi gharama.

Kwa hiyo mthibitishe kuanzia 1 Mei, siku iliyofuata baada ya majaribio kwisha. Hapa kuna kosa dogo linalofanywa sana: watu huandika barua Juni wakaipa tarehe ya Aprili ili ionekane haikuchelewa. Usifanye hivyo. Barua ina tarehe mbili, na kila moja ina kazi yake. Juu unaweka siku unayoiandika, hii hii ya Juni. Ndani unaweka siku ambayo uthibitisho unaanza kutumika, 1 Mei. Barua yenye tarehe ya Aprili huku mshahara wa Mei umelipwa kwa kiwango cha zamani itakusuta siku ya ukaguzi, maana karatasi ya mshahara itasema lake.

Na hilo la mshahara lina deni ndani yake. Mkataba uliahidi 460,000 baada ya kuthibitishwa. Kama unamthibitisha kuanzia 1 Mei, mshahara wa Mei uliomlipa 400,000 umepungua 60,000. Fedha hiyo uilipe pamoja na mshahara wa Juni, na kwenye karatasi ya mshahara uiweke mstari wake peke yake, "malimbikizo ya Mei", ili isije ikadhaniwa kuwa Juni ndiyo kiwango kipya. Umwambie pia mapema kuwa kodi ya mshahara na mchango vitakatwa kwa kiwango kipya, kwa hiyo hataziona zile 60,000 kamili mkononi. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu hii ndogo: mtu ameahidiwa nyongeza, anapokea pungufu, na hakuna aliyemweleza kabla.

Sasa barua yenyewe. Isizidi ukurasa. Sehemu ya katikati inaweza kusomeka hivi:

> Kwa kuzingatia kipengele cha majaribio katika mkataba wako wa 1 Februari, nafurahi kukujulisha kuwa umemaliza muda wa majaribio kwa kuridhisha na umethibitishwa katika kazi ya Mtunza Ghala kuanzia 1 Mei. Kuanzia tarehe hiyo mshahara wako ni shilingi 460,000 kwa mwezi kama mkataba unavyosema. Tofauti ya mwezi wa Mei, shilingi 60,000 kabla ya makato, utalipwa pamoja na mshahara wa Juni. Muda wa notisi sasa ni ule uliowekwa na mkataba kwa mfanyakazi aliyethibitishwa. Masharti mengine yote ya mkataba yanabaki kama yalivyo, na mkataba utaendelea hadi 31 Januari.

Angalia kilichomo: kila badiliko lililotajwa lilikuwa limeshaandikwa Februari. Mshahara ulikuwa unasubiri, notisi ilikuwa inasubiri. Mikataba mingi ya maduka na mahoteli huweka notisi fupi wakati wa majaribio, kama siku saba, kisha mwezi baada ya kuthibitishwa. Soma wa kwako unasemaje, kisha idadi yenyewe uitaje ndani ya barua ili asiitafute. Na umfahamishe kuwa notisi hiyo inawafunga nyote wawili. Vijana wengi hudhani inamfunga bosi tu, wakaondoka Jumamosi na kupiga simu Jumatatu.

Sentensi ya mwisho kuhusu 31 Januari usiiache. Neno "kuthibitishwa" huwafanya baadhi ya watu waelewe kuwa wameajiriwa moja kwa moja, kama serikalini. Mkataba wenu ni wa mwaka, na kuthibitishwa hakuurefushi. Vilevile hakuuanzishi upya: siku zake za kazi, pamoja na likizo anayoichuma, zinahesabika tangu 1 Februari. Ukimwekea likizo ianze kuhesabika Mei utakuwa umemla miezi mitatu.

Tukiingia kwenye chakula, naomba tuchukue kalamu kidogo. Unasema 3,000 kila siku ya kazi. Duka lenu likifungwa siku moja kwa wiki, hizo ni siku kama 26 kwa mwezi, sawa na 78,000. Maana yake hivi sasa kijana anaondoka na 400,000 na 78,000, jumla 478,000 kabla ya makato. Ukimpandisha mshahara ukamwondolea chakula, atabaki na 460,000. Umemwandikia barua ya pongezi na umemshusha 18,000 kwa mwezi. Kisha mpeleke Wete siku tatu kwa wiki, yaani siku kama 13 kwa mwezi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi imemgharimu 4,000 kwa siku, kwa mfano tu: hiyo ni 52,000 nyingine inatoka mfukoni mwake. Jumla amerudi nyuma 70,000 akilinganisha na alivyokuwa majaribioni. Sidhani kama ulikusudia hivyo, na ndiyo sababu nasema hesabu ifanywe kabla ya barua.

Utaniambia: ile 3,000 haimo kwenye mkataba, ni ihsani yangu. Inawezekana. Lakini jiulize ulivyokuwa ukiitoa. Kama ulimpa siku za kazi nyingi au alipobaki mpaka usiku kupokea mzigo wa saruji, hiyo ni bakhshishi na unaweza kuiacha kwa kumpa taarifa ya kiungwana. Kama ulimpa kila siku, kiasi kile kile, tangu siku ya kwanza, na pengine ulipomwajiri ulimwambia "mshahara ni laki nne na chakula juu yangu", basi hilo ni sharti la kazi lililokubaliwa kwa mdomo na kuthibitishwa kwa vitendo. Kutokuandikwa hakulifuti. Na kwa maelezo yako mwenyewe naona linaelekea upande huu wa pili.

Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuiacha posho kama ilivyo: mshahara 460,000 na chakula chake. Hii ndiyo nyepesi na haina ugomvi. Ya pili ni kuiingiza posho ndani ya mshahara, yaani mshahara uwe 538,000 na posho ya siku iishe. Hesabu zako zitakuwa safi zaidi, lakini kumbuka mshahara ukikua na michango yako kama mwajiri inakua, na malipo ya likizo pia yatakwenda kwa kiwango hicho kipya. Kijana naye atakatwa zaidi, kwa hiyo mwonyeshe mapema kitakachobaki mkononi. Ya tatu ni kumpa chakula chenyewe badala ya fedha, kama mnapika dukani. Wako wanaoipenda, wako wanaopeleka ile 3,000 nyumbani na kula muhogo, na kwao hiyo ni kupunguziwa mshahara. Mimi ningechagua ya kwanza mpaka mkataba uishe Januari, kisha katika mkataba mpya mkae mzungumze juu ya ya pili.

Suala la Wete linategemea mstari mmoja wa mkataba: mahali pa kazi. Kama umeandika "duka la Chake Chake", kumpeleka Wete nusu ya wiki ni kubadilisha mkataba, na anayebadilisha lazima apate kukubaliwa na mwenzake. Kama umeandika "Chake Chake au tawi lolote la duka ndani ya Pemba", una nafasi pana zaidi. Hata hivyo nauli na muda wa njiani bado ni mambo ya kukaa na kuelewana, kwa sababu alipotia saini Februari duka la Wete halikuwepo.

Namna ya kulifanya hili ni kumpa kwanza barua ya kuthibitishwa, aipokee, aifurahie. Siku nyingine, hata kesho yake, mkae faragha, si kwenye kaunta mbele ya wateja. Unaweza kumwambia: "Kijana wangu, uthibitisho wako umekwisha na hauhusiani na hili ninalokuomba. Tumefungua Wete na nahitaji mtu ninayemwamini apange ghala la huko. Nafikiria Jumatatu, Jumanne na Jumatano, nauli juu yangu. Nenda kafikirie, unijibu wiki ijayo." Sentensi ile ya mwanzo ndiyo inayobeba mazungumzo yote. Mtu akihisi barua yake ya kuthibitishwa imefungwa kamba na safari za Wete, atakubali kwa hofu, na ridhaa ya hofu haidumu: mwezi wa pili utaanza kusikia udhuru wa kila aina.

Mkielewana, andikeni karatasi fupi ya nyongeza ya mkataba. Itaje siku za Wete, saa za kuanza na kumaliza, nani analipa nauli na kwa utaratibu gani, inaanza lini, na kama ni ya muda, inaisha lini. Wekeni saini nyote wawili kwenye nakala mbili, kila mtu achukue yake.

Juu ya saini nina jambo moja ambalo waajiri wengi hulipuuza. Kijana akitia saini kwenye nakala ya barua yako, ameandika nini pembeni ya saini hiyo? "Nimepokea" ni ushahidi kuwa karatasi imemfikia, basi. Si ushahidi kuwa ameyakubali yaliyomo. Kwenye barua ya kuthibitishwa "nimepokea" inatosha, kwa sababu hakuna unachomwomba. Kwenye nyongeza ya mkataba unahitaji "nimesoma, nimeelewa na nimekubali", pamoja na tarehe. Laiti ungeyaweka yote katika barua moja kama ulivyofikiria, ungebaki na saini ya kupokea, ukaamini una ridhaa mkononi, na siku ya mgogoro ukagundua huna.

ZSSF ni habari nyingine na hii usiisogeze mpaka kesho. Uanachama wa mfuko unatokana na ajira, hausubiri kuthibitishwa. Kijana huyu alistahili kusajiliwa tangu Februari, na kumthibitisha hakuifuti miezi iliyopita. Nenda ofisi yao ya Pemba na mkataba wake, kitambulisho chake na karatasi za mishahara tangu alipoanza, uwaeleze hali ilivyo, wakupangie namna ya kulipa ya nyuma. Kuna mawili ya kuepuka. Usiandike kwenye barua ya kuthibitishwa kuwa "kuanzia sasa utaingizwa ZSSF", maana utakuwa umejiandikia mwenyewe ushahidi kuwa hukumwingiza tangu mwanzo. Na usimkate michango yake ya miezi yote ya nyuma kwa mpigo kwenye mshahara wa Juni. Kosa la kutokukata lilikuwa lako, na kabla hujagusa shilingi yake kwa ajili ya miezi hiyo pata kwanza maelekezo ya mfuko. Ukiwa njiani uliza pia kuhusu Mfuko wa Huduma za Afya, ZHSF, kwa sababu waajiri wengi wadogo wameuacha kwa dhana hiyo hiyo ya kusubiri majaribio yaishe.

Linabaki lile la "akikataa namwacha". Akikataa Wete, amekataa ombi la kubadilisha mkataba, na hilo si kosa la kinidhamu. Anabaki mtunza ghala wako wa Chake Chake, aliyethibitishwa, kwa 460,000. Wewe unabaki na kazi ya kutafuta mtu wa Wete, au kumwongezea kishawishi: posho ya siku za Wete, au siku mbili badala ya tatu. Mara nyingi anayesema hapana kwa siku tatu husema ndiyo kwa mbili, khasa akijua nauli haitoki kwake.

Ukifika mahali unaona kweli huwezi kuendelea naye, kwa sababu hii au nyingine, usiandike chochote kabla ya kuonana ana kwa ana na afisa kazi wa hapo Pemba au wakili anayefanya kesi za kazi za Zanzibar. Nenda na mkataba halisi, si maelezo ya mdomo, pamoja na karatasi za mishahara na barua zote mlizoandikiana. Fanya vivyo hivyo, hata kabla ya kutoa barua ya kuthibitisha, kama kipengele chenu cha majaribio hukielewi au kama mkataba hamkuwahi kuuandika kabisa na yote uliyonieleza yalikuwa ya mdomo. Katika hali hiyo ya mwisho barua yako ndiyo itakuwa karatasi ya kwanza kati yenu, na kila neno litakalokuwemo litasomwa kama mkataba wenyewe, kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi, mshahara, posho na mahali pa kazi vyote viandikwe humo wazi.

Mpaka hapo, kazi yako ya wiki hii ni barua moja, mstari wa malimbikizo ya 60,000 kwenye mshahara wa Juni, na safari ya ZSSF. Wete isubiri wiki moja.